Mkutano wa Novemba Mwanza: anza na tarehe ya mkutano, rudi nyuma hadi Mei

*"Wakuu, tumepewa jukumu la kuandaa mkutano wa siku mbili hapa Mwanza, Alhamisi tarehe 19 na Ijumaa tarehe 20 Novemba 2026. Watu kama 150, watafiti na wadau wa ziwa kutoka hapa, Dar, Kampala na Kisumu. Watoa mada watapatikana kwa tangazo la wazi. Leo ni tarehe 19 Mei. Tunaanzia wapi, na nani afanye nini?"*

Mkuu, nimekaa kwenye sekretarieti za mikutano ya aina hii hapa Mwanza kwa muda, na nitakujibu kwa tarehe zako mwenyewe ili uone kitu kimoja: miezi sita mliyonayo imeshajaa tayari. Huwezi kuliona hilo ukianza kupanga kutoka leo kwenda mbele, kwa sababu ukiangalia kutoka Mei, Novemba iko mbali na kila kazi inaonekana ina nafasi. Chukua karatasi, andika 19 Novemba chini kabisa, kisha panda juu ukiuliza swali lilelile kwa kila kazi: hii haiwezi kuanza mpaka nini kiwe kimekamilika?

Tufanye hivyo na kitabu cha ratiba, maana ndicho kinachobeba mnyororo mrefu kuliko yote.

Usajili unaanza Jumatano tarehe 18 mchana, kwa sababu wageni wa Dar wanashuka uwanja wa ndege siku hiyo na wa Kisumu wanaopitia Sirari wanafika jioni. Kwa hiyo vitabu na beji viwe mikononi mwenu Jumatatu tarehe 16. Mchapaji mpe siku tano za kazi, yaani faili limfikie Jumatatu tarehe 9. Kabla ya hapo prufu isomwe, na isomwe na watu wawili: mmoja anasoma jina kwa sauti kutoka orodha ya usajili, mwingine anafuata kwa kidole kwenye prufu. Makosa mengi hayako kwenye mada, yako kwenye Dkt. na Prof. na kwenye majina ya taasisi, na hayo ndiyo yanayomuudhi mgeni. Hesabu na kurasa pia. Kitabu kinachokunjwa katikati na kupigwa pini kinataka kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa hiyo ukiwa na 26 utapanda hadi 28 au upunguze hadi 24, na uamuzi huo usifanyike ukiwa umesimama dukani kwa mchapaji. Prufu imalizike Ijumaa tarehe 6, na ratiba yenyewe iwe imefungwa Jumatatu tarehe 2 Novemba.

Ratiba inafungwa kwa kutegemea nini? Kujua nani anakuja kweli. Weka Ijumaa tarehe 16 Oktoba kuwa siku ya mwisho kwa mtoa mada kuthibitisha na kulipa ada. Zinabaki wiki mbili na ushee kabla ya tarehe 2, na hiyo ndiyo akiba yenu ya kuwafuatilia waliokaa kimya na kuziba mapengo.

Sasa mtoa mada hawezi kuthibitisha kabla hajapata barua ya kukubaliwa. Hapa watu wengi wanaweka wiki mbili, na hazitoshi. Mtumishi wa taasisi ya umma akipata barua yako anaandika dokezo, linapanda kwa mkuu wake wa idara, linapita uhasibu, ndipo anaombewa masurufu. Asiyetoka Afrika Mashariki, kama nchi yake inahitaji viza, anaanza maombi mtandaoni, na kwa baadhi ya mataifa maombi hayo huchukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa hiyo barua yenu ya mwaliko ndiyo inayomkwamua. Wa Kampala na Kisumu hawana shida ya viza, ila mwambie kila mmoja ndani ya barua hiyohiyo aangalie cheti chake cha homa ya manjano, kwa sababu kwa anayechanjwa mara ya kwanza cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo. Kwa hayo yote mpe mtu wiki sita. Barua zitoke Ijumaa tarehe 4 Septemba.

Kabla ya barua kuna kupitia ikisiri. Tuseme mnapata 60, na kila moja isomwe na watu wawili: hizo ni usomaji 120. Mtu mwenye kazi zake usimpe zaidi ya nane, kwa hiyo mnahitaji wapitiaji 15. Wape wiki tatu, na wiki moja kamati ya mada ikae, itatue zile ambazo wasomaji wamepingana na kupanga makundi. Inakuwa dirisha la kupokea linafungwa Ijumaa tarehe 7 Agosti. Lakini kwenye tangazo andika 31 Julai. Nasema hivi kwa uzoefu: wengi hutuma siku tatu za mwisho, na kila mara kunakuja maombi ya kuongezewa muda. Ukiwa umeshaitenga wiki hiyo kwenye ratiba yako ya ndani, unaiongeza kwa moyo mweupe na hakuna kinachosogea.

Watu wanahitaji wiki nane kuona tangazo, kuandika na kupata idhini ya wenzao. Kutoka 31 Julai, wiki nane nyuma ni Ijumaa tarehe 5 Juni.

Na tangazo haliwezi kutoka bila tarehe iliyothibitishwa, ukumbi, mada kuu, kiasi cha ada na anwani ya kupokelea ikisiri. Leo ni tarehe 19 Mei. Mna siku 17, na ndani yake kuna Idi ya Kuchinja mwishoni mwa Mei kwa kutegemea mwandamo. Ndiyo maana nikasema miezi imeshajaa. Ukumbi si kazi ya "tutaangalia mwezi ujao", ni kazi ya wiki hii, kwa sababu ndiyo pingili ya kwanza ya mnyororo wa watoa mada.

Kuhusu ukumbi wenyewe. Novemba na Desemba ni msimu wa mahafali ya vyuo, na kumbi kubwa pamoja na vyumba vya hoteli vinaisha haraka. Muulize meneja moja kwa moja kama ana mahafali tarehe 20 au 21, maana fundi wa jukwaa wa shughuli ya Jumamosi ataanza kugonga misumari Ijumaa mchana mkiwa kwenye kikao cha kufunga. Kodi ukumbi kuanzia tarehe 18, siyo 19, mpate jioni ya kupanga viti na kujaribu vipaza sauti na projekta. Vuli inakuwa imeanza, kwa hiyo chakula cha bustanini kando ya ziwa kinapendeza kwenye picha za hoteli tu. Dai sehemu ya ndani kwenye mkataba. Bei uliyopewa iulizie kama ina kodi ya ongezeko la thamani ndani au la. Asilimia 18 ikijitokeza Novemba inakula bajeti ya usafiri wote.

Fedha ndiyo inayogongana na tarehe hizi. Taasisi za umma zinaanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na nyingi zitakuambia mchango wao utatoka baada ya hapo, wakati hoteli inataka kianzio Mei. Njia iliyotufaa ni kujadiliana malipo kwa vipande: kianzio kidogo cha kushika tarehe sasa, kipande cha pili mwisho wa Agosti, kilichobaki wiki ya mkutano. Idadi ya sahani isifungwe kwenye mkataba. Andikeni kwamba mtatoa idadi ya mwisho siku tatu kabla, mkiwa mmeshaona waliolipa.

Mgeni rasmi ana mnyororo wake, na usiufunge kwenye ule wa kitabu. Kama mnamtaka Mkuu wa Mkoa, barua iende ofisini kwake mwanzoni mwa Septemba, ikiwa na muhtasari wa ukurasa mmoja. Mwishoni mwa Oktoba wapelekee rasimu ya hotuba bila kusubiri kuombwa. Hata hivyo uthibitisho wa mwisho unaweza kuja siku moja kabla, au saa ikabadilika. Niliwahi kuona ufunguzi wa saa tatu ukisogezwa hadi saa sita kwa simu ya usiku, na mkutano haukuyumba kwa sababu ratiba ilikuwa imepangwa ikianza na mada mbili zisizomhitaji mgeni. Kwenye kitabu chapa "Mgeni Rasmi" bila jina. Jina likae kwenye bango la kidijitali ambalo linabadilishwa kwa dakika chache.

Kwenye kugawa kazi, jedwali lenu liwe na safu nne tu: kazi, tarehe ya kukamilika, jina la mtu mmoja, na "inasubiri nini". Jina la mtu, siyo la kamati. Kamati ya mada haiwezi kupigiwa simu. Safu ya nne ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu mhusika wa uchapaji akiona kazi yake inasubiri usajili, atamfuata mwenye usajili yeye mwenyewe bila katibu kuwa katikati. Tarehe za siku za kazi iachie kompyuta. Ukiwa na tarehe ya kazi inayofuata kwenye B2 na orodha ya sikukuu (7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba na nyinginezo) kwenye safu ya F, fomula ni:

```
=WORKDAY(B2,-5,$F$2:$F$8)
```

Weka 16 Novemba kwenye B2 na itakurudishia 9 Novemba. Mkutano ukisogezwa, tarehe zote zilizofungwa hivyo zinasogea zenyewe.

Dalili ya kuchelewa msiitafute kwenye idadi ya ikisiri katikati ya Julai. Zitakuwa chache na hiyo ni kawaida. Itazameni kwenye wapitiaji. Ikiwa kufikia tarehe 15 Julai hamna angalau kumi waliosema ndiyo kwa maandishi, barua za Septemba zitachelewa, na kuanzia hapo hakuna mahali pa kufidia isipokuwa kwenye zile wiki mbili za Oktoba.

Na kama ukumbi hautapatikana kabla ya tarehe 5 Juni, msiliminye tangazo hadi wiki tatu. Afadhali mliache kabisa: alikeni watoa mada mnaowajua kwa barua, 20 au 25, na nafasi iliyobaki iwe ya mabango. Hapo mnyororo unaanzia kwenye barua za Septemba na mnapata karibu miezi mitatu ya kupumua. Mtapoteza wale vijana wasiojulikana ambao tangazo la wazi huwaleta, na kwangu hiyo ni hasara kubwa, kwa hiyo pigeni simu hotelini kesho asubuhi, muulize tarehe 18 hadi 20, na muombe ankara kifani siku hiyohiyo.