Kufuatisha Kijapani: irabu moja ilinigharimu muhula mzima

"Wakuu, nina miezi 3 kabla ya kwenda Japani kusoma. Nimeshauriwa nifuatishe taarifa ya habari ya Kijapani kwa saa nzima kila siku, nikiwa nimevaa hedifoni, nikisema nyuma ya mtangazaji bila kusimama. Je, njia hii itanipa ufasaha? Na je, nianze kanji sasa, na ni programu gani ya simu inayofaa kwa msamiati?"

Usifanye hivyo. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa miezi 4, saa moja kila alfajiri, na nilipofika Yokohama nilikuwa nimebeba kosa moja nililolirudia mara maelfu mpaka likawa ndiyo namna yangu ya kusema. Mtihani wa kuandika ulinipandisha ngazi 2 juu ya wanaoanza. Mtihani wa kuongea ulinishusha hadi darasa la chini kabisa, kwa sababu mwalimu alilazimika kuniomba nirudie karibu kila sentensi. Muhula mzima ulikwenda katika kuondoa kile nilichokuwa nimekijenga kwa bidii nyumbani.

Aliyenipotosha ni mwalimu wa video aliyeniuzia kozi. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo: kwamba Mswahili hana haja ya kuhangaikia matamshi ya Kijapani, kwa kuwa irabu ni zile zile tano, a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Kwa hiyo, alisema, vaa hedifoni, mfuate mtangazaji, na baada ya siku 100 mahadhi yatakuja yenyewe. Habari ya irabu tano ni ya kweli, na ndiyo maana uongo uliofuata ulinasa. Alichokinyamazia ni kwamba katika Kijapani urefu wa irabu hubadilisha maana ya neno, na kwamba sisi, pasipo kujua, hurefusha irabu moja katika karibu kila neno tunalotamka. Mtu anayepokea fedha za watu kwa kuwafundisha lugha hana udhuru wa kutolijua hilo.

Jaribu hivi sasa kwa sauti: sema "kitabu", kisha sema "kitabuni". Katika neno la kwanza "ta" inavutwa kidogo. Katika la pili "ta" inafupika na "bu" ndiyo inayovutwa. Hiyo ni shada yetu, ambayo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha irabu yake. Kwa kuwa kwetu mvuto huo haubadilishi maana, masikio yetu yamezoea kuupuuza. Mjapani hawezi kuupuuza. Kwake "biru" ni jengo na "biiru" ni bia. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo, na "obaasan" ni bibi. "Shujin" ni mume, na "shuujin" ni mfungwa. Sasa tazama silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno hayo iko wapi, nawe utaona kwamba Mswahili akiyasoma maneno mafupi kwa shada yake ya kuzaliwa, anaangukia moja kwa moja kwenye yale marefu.

Katika wiki yangu ya tatu nilimwuliza mama mwenye nyumba, kwa heshima zote, kama "goshujin" yupo, nikikusudia mume wake, nikaivuta "shu" kama ninavyovuta "ta" ya kitabu. Alinyamaza, akanitazama, na ilimchukua muda kuelewa kwamba sikuwa namwulizia mfungwa. Siku nyingine nilimwuliza mlinzi jengo lilipo, akanielekeza dukani kwenye jokofu la bia, nami nikachelewa kwenye usaili wa kazi ya muda. Sikuipata kazi ile.

Utauliza imekuwaje nimfuatishe mtangazaji kwa miezi 4 bila kusikia kwamba ninatofautiana naye. Hapo ndipo penye mzizi, na ndiyo maana nimeandika kwa urefu. Hedifoni zikiwa kwenye masikio yote mawili, sauti unayoisikia vizuri ni ya mtangazaji. Yako inakufikia kwa uhafifu, na akili haina nafasi ya kuipima kwa sababu imeshughulika kuwahi neno linalofuata. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwafanyia watu majaribio ya namna hii: waliyarudia kwa sauti maneno yaliyoingia katika sikio moja huku sikio jingine likipewa maneno mengine, na baadaye hawakuweza kueleza kilichosemwa katika sikio lile la pili. Kurudia maneno ya mtu papo hapo ni kazi inayokamata usikivu karibu wote. Nikiunganisha na yaliyonipata, naelewa kwamba kila asubuhi nilisikia matamshi mazuri masikioni mwangu na nikayachukua kuwa ni yangu, kumbe yalikuwa ya mtangazaji.

Kwa hiyo kanuni ninayokusihi uishike ni hii: siku ambayo hukujirekodi na kusikiliza sauti yako peke yake, kando ya sauti ya asili, usiihesabu kuwa ni siku ya mazoezi.

Namna nilivyofanya baadaye, kwa msaada wa mwalimu wa darasa lile la chini, ni hii. Nilichukua mazungumzo ya kawaida ya watu wawili, yenye sekunde 20 hadi 30 tu, pamoja na maandishi yake, wala sikuchukua habari, kwa sababu mtangazaji husoma lugha ya maandishi kwa kasi ya silabi 7 hivi kwa sekunde, na anayeanza akimkimbilia huishia kumumunya. Siku ya kwanza nilihakikisha naelewa kila neno, kisha nikasikiliza mara tano bila kufungua mdomo, nikigonga meza kwa kidole kila pigo. Kijapani huhesabiwa kwa mapigo yanayolingana: "biru" ni mapigo 2, "biiru" ni 3, "shujin" ni 3 kwa kuwa "n" ya mwisho ni pigo linalojitegemea, kama "m" ya "mtu" inavyojitegemea kwetu. Baada ya hapo nilifuatisha nikiangalia maandishi, halafu bila maandishi, nikikaa nyuma ya msemaji kwa neno moja hivi, maana hiyo ndiyo Wajapani huiita shadooingu. Mwishowe nilivaa hedifoni sikio moja tu, nikaiweka simu mezani irekodi, nikafuatisha mara tatu. Kwa kuwa sauti ya asili ilibaki sikioni, simu ilinasa yangu tu.

Kazi yote hiyo ilichukua dakika 10. Dakika 10 nyingine, ambazo ndizo zilizonitibu, zilikuwa za kusikiliza sentensi moja ya asili, kisha ile ile ya kwangu, na kuandika tofauti.

Nikupe sentensi iliyonifungua macho: "Ano biru no mae de matte imasu", yaani ninasubiri mbele ya jengo lile. Igonge: a-no, bi-ru, no, ma-e, de, ma-t-te, i-ma-su. Ni mapigo 14. Nilipoisikiliza rekodi yangu ya kwanza huku nikigonga, nilipata 15, na mapigo yenyewe hayakuwa mahali pake. "Bi" ilikuwa imekula mapigo 2. Katika "matte" kuna pigo la ukimya, ambapo ulimi hukaa kwenye "t" na sauti hukatika, nami nililipita nikasema "mate", ambalo kwao ni amri ya kumwambia mtu angoje. Katika "imasu" nilivuta "ma" kwa shada yetu, na "u" ya mwisho niliitamka wazi, ilhali msemaji wa Tokyo huipunguza sauti mpaka unasikia kama "imas". Makosa manne katika sentensi moja, na sentensi hiyo nilikuwa nimeifuatisha siku mbili nikijiona nimeimudu.

Sikuliamini sikio langu, nikazifungua rekodi zote mbili katika Praat, programu ya bure ya kupimia sauti iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink. Ukichagua kipande cha wimbi kwa kipanya, inakuonyesha urefu wake kwa sekunde. Irabu ya "bi" ya msemaji ilikuwa sekunde 0.07; yangu ilikuwa 0.17. Kwa kawaida irabu ndefu ya Kijapani huwa mara 2 hadi 3 ya ile fupi, kwa hiyo yule mlinzi alisikia kile hasa nilichokitamka. Si lazima utumie Praat kila siku. Kidole na meza vinatosha. Lakini fanya hivyo mara moja katika wiki ya kwanza, ili ukiona tarakimu usiendelee kubishana na nafsi yako kama nilivyobishana mimi.

Klipu moja nilikaa nayo siku tatu au nne, na sikuiacha mpaka idadi ya mapigo yangu ililingana na ya msemaji katika rekodi zote tatu za siku hiyo. "Biru" fupi ilianza kutoka vizuri kwenye mazoezi wiki ya pili. Kwenye mazungumzo, ninapofikiria ninachotaka kusema badala ya namna ya kukisema, ilichukua wiki 5 zaidi, kwa sababu nilikuwa navunja mazoea ya miezi 4. Wewe huna cha kuvunja bado, na ndiyo maana nimeshtuka kusoma ulichoshauriwa.

Ujue pia mpaka wa njia hii. Inarekebisha mapigo, urefu na mahali pa kuvuta pumzi, na inazoesha mdomo kwenda kwa kasi bila kukwama. Haikupi maneno ya kujibia. Niliweza kuzisema klipu zangu sawasawa, na mtu akiniuliza jambo ambalo halimo nilikwama kama zamani, mpaka nilipoanza kuzungumza na watu kila siku. Kupanda na kushuka kwa sauti, ambako nako hutofautisha maneno katika Kijapani, kuache kwa mwezi wa kwanza. Urefu ukiwa umekaa vibaya, hata kiimbo kizuri kitatua mahali pasipo pake.

Leo usiku, kabla hujafungua taarifa yoyote ya habari, jirekodi ukisema "Ano biru no mae de matte imasu" mara tatu bila kusikiliza sauti ya mtu mwingine kwanza. Igonge mwenyewe uone kama unapata 14, kisha uiweke rekodi hapa. Nitaisikiliza na kukuandikia ni irabu ipi uliyoivuta.