Maswali na majibu: sauti inapokatika masikioni mwa wanamuziki wa kanisa

Mpiga besi wetu husikiliza kwa visikizi vilivyounganishwa na risiva ya kiunoni, inayopokea mawimbi kutoka kwa transmita iliyo jukwaani, na sauti humkatikia mara tatu au nne katika ibada moja, kisha hurudi yenyewe. Nianzie wapi?

Anzia kwenye taa ya mawimbi iliyo juu ya risiva yake ya kiunoni, na umwombe mtu mmoja aitazame wakati wa mazoezi. Sauti ikipotea huku taa ikiendelea kuwaka kama kawaida, chunguza waya wa visikizi, pini yake na sauti inayotoka kwenye mikisa. Taa ikizimika pamoja na sauti, mawimbi yanamfikia yakiwa hafifu, na hapo ndipo mwili na antena huchunguzwa. Ikiwaka huku masikio yakijaa mkwaruzo, kuna wimbi jingine linaloingilia. Nakusihi usibadilishe betri, masafa na antena siku moja, kwa sababu tatizo likitoweka hutajua ni lipi lililolimaliza.

Tuna transmita tatu zinazorusha kwa masafa ya 518.5, 519.5 na 520.5 MHz. Kila moja ikiwa peke yake ni safi, lakini zote zikiwashwa, mwimbaji anayetumia ya tatu husikia mkwaruzo. Kwa nini, wakati masafa yako mbalimbali?

Transmita zinapokaa karibu, wimbi la moja huingia kupitia antena ya nyingine na kufika kwenye kikuza mawimbi chake, na humo huzaliwa mawimbi mapya ambayo hakuna aliyeyapanga. Yanayosumbua zaidi hupatikana kwa kuzidisha masafa moja mara mbili na kutoa mengine:

```
2 × 519.5 − 518.5 = 520.5
```

Wimbi hilo la ziada limeangukia juu ya masafa ya mwimbaji wako. Kupanga masafa kwa nafasi sawa huonekana kuwa ni utaratibu mzuri, kumbe ndiko kunakozaa mgongano huu. Ili uthibitishe, zima transmita yake, uache risiva yake ikiwa imewashwa, kisha uwashe zile mbili. Mistari ya kipimo cha mawimbi kwenye risiva ikipanda ilhali transmita yake imelala, umempata mkosaji. Hamisha ya tatu hadi 522.0, ikiwa masafa hayo yanaruhusiwa katika nchi yako na hayatumiwi na kituo cha televisheni. Wimbi la ziada litabaki 520.5, mbali na wote watatu.

Mistari ikibaki juu hata baada ya transmita zote kuzimwa, chanzo kiko nje ya seti yako. Angalia kwanza maikrofoni zisizo na waya, kisha zima kwa dakika moja skrini kubwa ya taa iliyo nyuma ya jukwaa, kwani baadhi ya skrini hizo hutoa kelele nyingi za mawimbi.

Kiongozi wa sifa hukatikiwa kila anapoligeukia kundi la waimbaji. Je, risiva yake ni mbovu?

Sidhani. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya. Anapogeuka, kiwiliwili chake husimama kati ya transmita na risiva, na mawimbi hudhoofika ghafla. Mweke mahali palepale, ageuke polepole mzunguko mzima, huku wewe ukitazama taa. Ikizimika kila anapofika upande uleule, hamisha risiva hadi ubavuni unaoelekea transmita. Antena yake ining'inie huru, isikunjwe mfukoni wala kugusa ngozi. Katika risiva nyingi waya wa visikizi nao hufanya kazi ya antena, kwa hiyo usiuzungushe kuwa kifundo.

Transmita zetu ziko ndani ya kabati la chuma nyuma ya jukwaa, na antena fupi ziko mgongoni mwa kila moja. Tuongeze nguvu ya kurusha?

Hapana, kwa sababu kuongeza nguvu kutakuza pia yale mawimbi ya ziada niliyoyaeleza hapo juu, na kabati litaendelea kuyazuia yale mnayoyahitaji. Toeni antena nje, muiweke juu ya vichwa vya watu, mahali inapowaona wanamuziki wote, na muitenge mita tatu au zaidi na antena za kupokelea maikrofoni. Kwa transmita tatu, kifaa cha kuziunganisha kwenye antena moja ni bora kuliko antena tatu zilizobanana. Kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya kurusha: kigawanyaji cha antena za maikrofoni kikitumiwa kinyume kinaweza kuungua. Kebo nayo iwe fupi, kwani mita kumi za ile nyembamba ya RG-58 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kabla ya kufika kwenye antena. Kisha mpiga besi atembee jukwaa zima akisikiliza, waimbaji wote wakiwa wamesimama mahali pao.