Shimo uani, Tanga

"Naishi karibu na Amboni. Shimo limefunguka uani usiku mmoja. Jiwe huyeyuka haraka hivyo?"

Hapana. Jiwe la chokaa, ambalo ndilo mwamba wa huko, huliwa na maji kwa maelfu ya miaka: mvua hubeba hewa ukaa, hasa ya kwenye udongo wenye mizizi, ikawa asidi dhaifu inayopanua nyufa mpaka ziwe mapango. Anayesema "ni asidi" tu kapatia nusu. Kilichoporomoka usiku mmoja ni udongo uliofunika ufa. Maji yalikuwa yakiuteremsha humo kidogo kidogo, juu pakabaki tabaka jembamba, likakatika.

Nimechimba misingi kwenye ardhi hii, na mara nyingi nilichokuta karibu na mashimo kama hilo ni karo linalovuja au maji ya paa yanayomwagwa pale pale. Usifukie kwa kifusi tu, maji yatakipeleka kule kule. Elekeza maji mbali kwanza, kisha, ukitaka kujenga hapo, utobolewe mwamba kuupima chini ya kila nguzo, maana tobo moja laweza kukosa pango lililo mita mbili pembeni. Nyufa za mviringo zikikaribia ukuta, hameni chumba hicho.