Barua kwa mwanangu: Krismasi na hesabu ya Machi

"Baba, hii tarehe 25 Desemba ilitoka wapi, na nani aliichagua?"

Mwanangu,

Aliyeichagua hakuacha jina, na Biblia haitaji siku wala mwezi. Ila najua kinachokusumbua ni yale maneno ya baba yako mdogo, Krismasi ile bibi yako yungali hai. Pilau ndiyo kwanza inapakuliwa, akasema sisi tunasherehekea mungu jua wa Warumi, jina la Yesu tumelibandika tu. Bibi akaweka upawa, akaingia chumbani, wala hakula nasi. Linanichoma hadi leo, maana baba yako mdogo alisema kama mtu aliyeona kwa macho.

Mimi siku zote nawaambia: tazameni nani ameandika, na lini. Maandishi ya zamani zaidi yenye sikukuu hii yamo katika kitabu cha kalenda kilichotengenezwa Roma mwaka 354. Mna orodha ya wafia dini, ambayo wataalamu wanairudisha hadi 336, na inaanza hivi: 25 Desemba, Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Lakini humohumo, kwenye kalenda ya serikali, tarehe ileile imeandikiwa kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", ambaye wengi wanamchukulia kuwa ndiye huyo jua, pamoja na mbio 30 za magari ya farasi. Kwa hiyo baba yako mdogo hakutoa maneno hewani, hilo simnyimi. Kaisari Aureliano alimjengea jua hekalu hapo Roma mwaka 274. Lakini tutajuaje nani alimfuata nani, ikiwa zote mbili tunazikuta kwanza ndani ya kitabu kimoja?

Halafu kuna hesabu. Yapata mwaka 200, mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago, Afrika Kaskazini, aliandika kwamba Yesu alikufa 25 Machi. Wakristo wengine waliamini kuwa siku aliyokufa ndiyo siku aliyotungwa mimba. Ongeza miezi tisa, unafika 25 Desemba. Mashariki, wako walioweka kifo chake 6 Aprili. Ukihesabu vilevile unaangukia 6 Januari, na Kanisa la Armenia mpaka leo linaadhimisha kuzaliwa kwake siku hiyo. Tarehe mbili tofauti, na njia moja inazifikia zote! Mungu jua anaeleza moja tu. Hili ndilo ningemjibu baba yako mdogo pale mezani, mbele ya mama yangu.

Mkono unanisukuma niandike kwamba alikosea, yaishe. Siandiki, kwa sababu askofu Augustino, anayeieleza hesabu hiyo waziwazi, aliandika makumi ya miaka baada ya 336, sikukuu ikiwa imeshazoeleka. Huenda hesabu ilizaa tarehe. Huenda tarehe ilikuwapo, hesabu ikatafutwa ya kuitetea. Ukipata aliyeiandika waziwazi kabla ya 336, nipigie hata kama ni usiku.

Baba yako