Neno unaloandika kwenye fomu ya likizo

Fomu ya likizo ina mstari mmoja ambao mfanyakazi mgeni huujaza haraka: aina ya likizo. Mstari huo ndio unaoamua siku zako zinakatwa kwenye fungu gani na kama utalipwa. Haya ni ya Tanzania Bara, kwa walioajiriwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mkataba wako unaweza kukupa zaidi ya hapo, lakini si pungufu.

Tuanze na likizo ya mwaka, maana ndiyo inayozua mabishano mengi. Ni siku 28 kwa kila mzunguko wa miezi 12, na mzunguko unahesabiwa tangu siku uliyoanza kazi, si tangu Januari. Siku hizo zinafuatana: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani yake. Tuseme uliondoka Jumatatu tarehe 2 Desemba 2024. Siku ya 28 ni Jumapili tarehe 29, na kazini unatakiwa Jumatatu tarehe 30. Ukiondoa siku 8 za mwisho wa wiki, pamoja na tarehe 9, 25 na 26 ambazo ni sikukuu, umekosa siku 17 tu za kazi. Aliyedhani anazo siku 28 za kazi atarudi Januari, na kwa mwajiri huyo ni mtoro. Anayetoka Kenya huchanganyikiwa hapa zaidi, kwa kuwa kule hesabu ni siku 21 za kazi.

Tarehe ya kwenda likizo hupangwa na mwajiri, ila haipaswi kuvuka miezi sita baada ya mzunguko kwisha, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali na kazi inalazimu. Hapo inaweza kufika miezi 12. Ukikubali kusogeza, andika. Makubaliano ya mdomo husahaulika pale bosi anapobadilika. Na kama bado hujatimiza miezi sita kazini, kwa kawaida sheria haijakupa likizo yenye malipo.

Neno la kuliangalia sana ni "ruhusa". Ofisini husemwa kwa kila kitu: kwenda benki, kuuguza mtoto, msiba. Ukiandika "ruhusa siku 4" bila sababu, mtunza kumbukumbu anaweza kuzikata kwenye zile 28. Kumbe mtoto akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, una siku 4 zenye malipo za kwako. Baba aliyepata mtoto ana siku 3, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Andika sababu kwa jina lake.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Malipo hayo yanategemea cheti cha daktari. Risiti ya dawa si cheti, na kadi ya kliniki pia si cheti. Karatasi inayofaa inataja tarehe za kupumzika, ina jina la daktari na mhuri. Ukiugua, mwajiri hapaswi kukumalizia siku za mwaka badala ya za ugonjwa, kwa hiyo usikubali kujaziwa "likizo ya mwaka" eti ili mambo yaishe.

Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Taarifa hutolewa angalau miezi mitatu kabla, pamoja na cheti. Unaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, lakini piga hesabu kwanza. Kama matarajio ni 10 Juni 2025 na ukaondoka 13 Mei, likizo inaisha 4 Agosti. Ukiondoka siku ya kujifungua yenyewe, inaisha 1 Septemba. Zile wiki nne za mwanzo zinatoka kwenye muda wa kukaa na mtoto.

Likizo bila malipo inaombwa. Usiondoke kwa "sawa, nenda" ya simu; subiri kibali cha maandishi chenye tarehe ya kurudi, kwa sababu kutokuwepo zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kukuachisha kazi. Kabla ya kusaini uliza pia kuhusu bima ya afya, na kumbuka kuwa mwezi usio na mshahara hauna makato ya kupeleka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii.