Kugawanya q kwa t au kutafuta dq/dt?

"Chaji ni q = 3t² + 2t, volti 12. Mkondo kwenye sekunde ya 2 ni ngapi, na pawa? Mimi nimepata ampea 8, kitabu kinasema 14."

Ulichopata ni wastani: kulombi 16 zimepita kwa sekunde 2. Swali linataka mkondo wa sekunde ile yenyewe, kwa hiyo dq/dt = 6t + 2, weka t = 2, unapata 14. Ubaya wake ni kwamba yuniti hazikushtui hapa, kwa sababu njia zote mbili zinatoa kulombi kwa sekunde. Ukiona t imebaki ndani ya dq/dt, ujue mkondo unabadilika na kugawanya tu hakutoshi.

Pawa ni mwendo uleule. Volti zimetulia kwenye 12, basi kazi W = 12q = 36t² + 24t, na dW/dt = 72t + 24, yaani wati 168. Hakiki: 12 × 14 = 168. Volti ni juli kwa kulombi; ukizidisha kwa kulombi kwa sekunde, kulombi zinafutana, inabaki juli kwa sekunde.

Anayesema W = Vq siku zote yuko sahihi nusu. Volti zikibadilika hiyo inavunjika, ila P = VI ya papo hapo inabaki.

Na yuniti za umeme unazonunua kwenye LUKU ni kilowati-saa, hiyo ni kazi, si pawa. Moja ni juli 3,600,000.