Vipimo vilisema mshtuko wa moyo, mishipa ikakutwa safi

Siku ya tano ya mafua niliamka mwepesi. Homa ilikuwa imekatika usiku, tumbo limetulia, na mazoezi yangu ya nusu marathoni yalikuwa yamelala tangu Jumatatu. Nikavaa viatu nikatoka kukimbia kilomita 12 za taratibu. Saa ya mkononi ilijaribu kuniambia kitu: kwa mwendo ambao siku zote moyo wangu hupiga mara 138 kwa dakika, ilisoma 161. Nikajisemea ni mwili uliozoea kitanda, nikamaliza kilomita zangu.

Usiku wa pili yake, kama saa tisa, niliamshwa na maumivu katikati ya kifua. Yalibana, yakapanda hadi bega la kushoto. Nikilala chali yanazidi, nikikaa na kuinamia mbele yanapungua kidogo. Mimi nilitaka kusubiri kukuche. Mke wangu alikuwa ameshashika funguo. "Umri wako usikudanganye," aliniambia, "inuka twende."

Chumba cha dharura kilijaa haraka. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mstari umenyanyuka sehemu ambazo haupaswi kunyanyuka. Damu nayo ikarudi na troponini iliyo juu mno. Hiyo ni protini inayokaa ndani ya seli za msuli wa moyo, na ikionekana kwa wingi kwenye damu maana yake seli zimeumia na zinavuja. Kwa daktari yeyote, maumivu ya kifua pamoja na majibu hayo mawili ni mshtuko wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Wakanipitisha mrija mwembamba kwenye mkono hadi moyoni, wakapuliza dawa ya kuonyesha mishipa. Mishipa yote ilikuwa safi. Hakuna palipoziba.

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno mayokaditisi, yaani msuli wa moyo kuvimba. Troponini husema msuli umeumia, ila haisemi umeumizwa na nani. Kwenye mshtuko wa moyo, mshipa unaziba na msuli unakosa damu. Kwangu mimi damu ilikuwa inafika vizuri, ila msuli wenyewe ulikuwa unashambuliwa.

Kilichotenganisha mambo haya mawili bila ubishi ni picha ya MRI ya moyo. Katika mshtuko wa moyo, jeraha huanzia upande wa ndani wa ukuta wa moyo na hufuata eneo la mshipa ulioziba. Langu lilikuwa tabaka la nje la ukuta wa kushoto, limetawanyika kama madoa, na msuli wa pembeni ulikuwa umejaa maji ya uvimbe. Moyo ulikuwa unasukuma asilimia 48 ya damu ya chumba chake cha kushoto kwa kila pigo, wakati kawaida ni kama 55 kwenda juu.

Niseme hili mapema, maana najua kuna atakayesoma akiwa amejishika kifua: kule kuinama mbele nikapata nafuu hakukutosha kumwambia mtu yeyote kwamba si mshtuko wa moyo. Nyumbani huwezi kutofautisha. Hospitalini penyewe iliwalazimu kupita kwenye mishipa kwanza. Nenda, wachunguze wao.

Ni nini kilichonivamia? Mara nyingi ni virusi vya kawaida kabisa: vile vya mafua, vya kuharisha, UVIKO-19, na kundi la Koksaki ambalo huwaletea watoto homa na vipele. Virusi huingia kwenye seli za moyo, kisha kinga ya mwili inavifuata humo humo, na mara nyingi kinga ndiyo inayoendeleza uharibifu hata virusi vikishapungua. Ndiyo maana dalili za moyo huja siku kadhaa au wiki moja, mbili baada ya mafua, wakati mtu anajiona amepona. Wapo wanaopata bila virusi: wenye magonjwa ya kinga kama lupasi, wanaotumia baadhi ya dawa za saratani zinazoamsha kinga, wanaotumia klozapini, dawa ya magonjwa ya akili. Chanjo za mRNA za UVIKO nazo zimesababisha kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Kwangu walikisia ni kirusi kile cha mafua, na hawakukata nyama ya moyo kuthibitisha kwa sababu nilikuwa natengemaa.

Sasa zile kilomita 12. Majaribio ya zamani kwa panya yalionyesha kwamba walioambukizwa Koksaki wakalazimishwa kuogelea, virusi viliongezeka moyoni na wengi zaidi walikufa kuliko waliopumzishwa. Sijui kama mbio zangu ndizo zilizonilaza, lakini tangu hapo, homa, mwili kuuma au kifua vikinishika, viatu vinabaki mlangoni.

Shida kubwa ilikuwa wiki ya sita. Maumivu yalikwisha, nalala vizuri, napanda ngazi bila kuhema, na mwili unadai mbio. Nilimwuliza daktari wa moyo kwa nini aninyime. Akanieleza kwamba msuli uliovimba au wenye kovu bichi haupitishi umeme sawasawa. Umeme unaweza kuzunguka kovu kama gari lililokosa njia, na adrenalini ya mazoezi makali ndiyo inayousukuma. Moyo unatetemeka badala ya kupiga, mtu anaanguka. Kujisikia mzima hakupimi chochote kati ya hayo.

Kwa miaka mingi kanuni imekuwa kukaa nje ya mazoezi miezi 3 hadi 6. Miongozo ya karibuni imelegea, inamtazama kila mgonjwa na inaweza kuruhusu mapema zaidi. Mwanasoka Alphonso Davies wa Bayern Munich aligunduliwa kuwa na uvimbe huu Januari 2022 baada ya UVIKO, akarudi uwanjani Aprili. Ila yeye alikuwa na timu ya madaktari ikimpima, si kalenda peke yake.

Mimi nilipimwa mwezi wa nne. Troponini ilikuwa imerudi kawaida, eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ilionyesha msukumo wa asilimia 57, na nilivaa holta saa 24 kurekodi mapigo. Kisha nikakimbizwa kwenye mashine hadi nikachoka kabisa, nyaya zikiwa kifuani, wakitafuta mapigo yanayoruka wakati wa juhudi. Hilo la mwisho usikubali lirukwe, kwa sababu moyo unaotulia kitandani unaweza kuvurugika kwenye mwinuko.

Nilianza na kutembea dakika 30, wiki mbili. Kisha dakika moja ya kukimbia, mbili za kutembea. Sharti lilikuwa moja: kizunguzungu, mapigo ya kurukaruka au maumivu ya kifua, nasimama pale pale na kumpigia daktari, simalizi "kipande kilichobaki". Wiki ya tano moyo uliruka mapigo mawili matatu nikiwa kwenye kilima. Nikasimama, nikarudishiwa holta, ikaonekana si ya hatari, na nikapoteza wiki mbili tu.

MRI ya mwaka mmoja baadaye ilikuta uvimbe umekwisha na kovu dogo limebaki pale pale pembeni. Nakimbia tena nusu marathoni, polepole kuliko zamani, na holta naivaa kila mwaka.